Ganda Moja Hutaka Mvuke, Jingine Hutaka Chujio: Uchambuzi wa Kubabua Biringanya na Pilipili Hoho

Kubabua biringanya au pilipili hoho ni kuliweka tunda zima, pamoja na ganda lake, juu ya mwali wa gesi au juu ya makaa ya moto mpaka ganda liungue na kuwa jeusi, kisha kuliondoa ganda hilo na kubaki na mnofu laini wenye harufu ya moshi. Vitabu vya mapishi huyaweka matunda haya mawili chini ya kanuni moja yenye hatua tatu, nazo ni kuunguza huku tunda likigeuzwa, kulifunika chomboni ili mvuke wake wenyewe ulegeze ganda, na kumenya. Kanuni hiyo inaifaa pilipili hoho kikamilifu, lakini biringanya linaifuata kwa shida, kwa kuwa kila tunda linatofautiana na mwenzake katika umbile, katika ukali wa moto linaouhitaji, na zaidi ya yote katika kile linachopaswa kufanyiwa baada ya kuepuliwa. Sehemu kubwa ya mabiringanya yanayoharibika baada ya kubabuliwa vizuri huharibikia hapo, yaani ndani ya bakuli lililofunikwa.

Tofauti ya kwanza iko ndani ya tunda. Biringanya limejaa mnofu kutoka ganda hadi katikati, na mnofu huo, ingawa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, una vijitundu vingi vya hewa kati ya chembe zake, ndiyo maana biringanya bichi huelea majini na hunywa mafuta mengi likikaangwa. Hewa hiyo hupitisha joto polepole, kwa hiyo ganda linaweza kuwa limekwisha kuungua huku katikati ya tunda kukiwa na uvuguvugu tu. Joto linapofika ndani, maji huanza kugeuka mvuke, pektini inayoshikamanisha chembe hulegea, vijitundu vya hewa hubonyea, na tunda lote hunywea. Pilipili hoho, kwa upande wake, ni tupu ndani. Mnofu wake ni ukuta usiozidi sentimita moja, na mara nyingi ni nusu ya hapo, uliofunikwa na ganda jembamba lenye nta ambalo halilainiki hata likichemshwa muda mrefu. Kwa pilipili hoho, basi, ugumu hauko katika kuivisha mnofu, ambao huiva upesi mno, bali katika kulitenga ganda na mnofu kabla mnofu haujapondeka.

Tofauti ya pili inahusu moshi, na hapa kuna dhana inayohitaji kusahihishwa. Wengi hudhani kwamba harufu ya moshi hutoka kwenye mkaa. Mkaa ni kuni ambazo tayari zimekwisha kuchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, na sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa moshi wenye harufu imekwisha kuondoka huko huko. Ndiyo maana mkaa uliowaka sawasawa na kufunikwa na jivu jepesi hautoi moshi wa kuonekana. Harufu inayokusudiwa hutoka kwenye tunda lenyewe. Ganda linapoungua, nyuzinyuzi zake na lignini, yaani kile kitu kigumu kinachoupa mti na maganda uimara wake, huvunjika na kutoa kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ni za aina ile ile inayotambulika katika samaki wa kukaushwa kwa moshi. Maji yanayochuruzika kupitia nyufa za ganda nayo huungua yanapogusa kaa au mwali, na mvuke wake hurudi juu. Ndiyo sababu biringanya lililobabuliwa juu ya gesi, ambayo haina moshi wowote, bado hunukia moshi, ilhali biringanya lililookwa ndani ya tanuri la umeme hulainika vizuri na kubaki bila harufu hiyo.

Kutokana na hayo hufuata jambo lenye manufaa kwa mpishi, nalo ni kwamba moshi haukolei sawasawa ndani ya tunda. Umejaa zaidi katika tabaka jembamba la mnofu lililogusana na ganda, ambalo baada ya kuiva huwa na rangi ya kahawia hafifu, na hupungua kadiri kisu kinavyoingia katikati, ambako mnofu huwa mweupe unaoelekea kijani. Mpishi anayemenya kwa haraka na kulitupa ganda likiwa na mnofu uliong'ang'ania, au anayeliosha tunda chini ya bomba ili kuondoa chembe nyeusi, hutupa sehemu yenye harufu kuliko zote. Njia iliyo bora ni kulipasua tunda kwa urefu, kulilaza wazi, kuukwangua mnofu kwa kijiko mpaka karibu na ganda, kisha kuokota vipande vyeusi kwa vidole vilivyolowanishwa. Chembe chache zitakazosalia hazidhuru ladha, lakini zikizidi huleta uchungu na kuupa mnofu rangi ya kijivu.

Mfano unaofaa kufuatwa hatua kwa hatua ni mutabbal, chakula cha Shamu ambacho ni biringanya lililobabuliwa, likapondwa na kuchanganywa na tahini, yaani ufuta uliosagwa mpaka ukawa rojo. Katika miji mingi chakula hicho hicho huitwa baba ghanuji, ingawa kwingine jina hilo huachiwa aina isiyo na tahini, inayotiwa nyanya, kitunguu na komamanga. Huchukuliwa mabiringanya mawili ya mviringo mrefu, kila moja la gramu 400 hivi, yenye ganda linalong'aa na yaliyo mazito kwa ukubwa wake. Biringanya jepesi lenye ganda lililofifia limekwisha kukomaa kupita kiasi, na ndani yake huwa na mbegu za kahawia zenye uchungu ambao moto hauuondoi. Kikonyo huachwa, kwa sababu ndicho mkono wa kulishikia tunda wakati wa kuligeuza, lakini majani makavu yanayokizunguka hupunguzwa ili yasishike moto. Ganda huchomwa kwa ncha ya kisu mahali pawili au patatu tu. Matundu mengi humwaga maji mapema mno, na kuacha kuchoma kabisa kunaweza kulifanya tunda lipasuke kwa kishindo, hasa ndani ya tanuri ambako ganda haliungui na hivyo halipati nyufa za kutolea mvuke.

Mkaa hautumiwi ungali unafuka. Husubiriwa mpaka makaa yawe mekundu ndani na yenye jivu nje, kisha husambazwa ili jiko liwe na upande wenye moto mkali na upande uliopoa. Mabiringanya huwekwa kwanza upande wa moto, juu ya wavu au hata juu ya makaa yenyewe, kwa dakika nne au tano kila ubavu, yakigeuzwa kwa koleo robo mzunguko kila mara. Duru hiyo ya kwanza ndiyo inayounguza ganda na kuzalisha moshi. Baada ya hapo huhamishiwa upande uliopoa na kufunikwa kwa sufuria iliyogeuzwa juu chini, ili joto lipate muda wa kufika katikati. Kazi yote huchukua baina ya dakika 20 na 30, kwa kutegemea unene wa tunda na si urefu wake. Anayelibakiza biringanya juu ya moto mkali tangu mwanzo hadi mwisho huishia na ganda lililogeuka jivu, tabaka la mnofu lililoungua, na kiini kibichi, yaani makosa mawili katika tunda moja.

Kugeuza kuna kanuni yake. Kusudio si kulizungusha tunda mfululizo kama nyama ya mshikaki, kwa kuwa ubavu unaoondolewa motoni kila baada ya nusu dakika haupati joto la kutosha kuungua. Kila ubavu unahitaji kukaa mpaka ganda lake liwe kama karatasi kavu inayovunjika. Lakini pia kuna sehemu ambazo mgeuzaji asiye makini huzisahau, nazo ni kitako cha tunda na shingo iliyo chini ya kikonyo. Shingo ndiyo sehemu yenye mnofu ulioshikamana zaidi, na ndiyo ya mwisho kuiva, hivyo baada ya mbavu zote kuungua biringanya husimamishwa au kuegemezwa ili shingo iukabili moto kwa dakika chache.

Kuiva hakupimwi kwa rangi ya ganda, kwa sababu ganda huwa jeusi mapema. Hupimwa kwa kubonyeza. Biringanya lililoiva huwa limenywea na kulala, halirudi juu linapobanwa kwa koleo karibu na kikonyo, na maji yenye povu huchemka kwenye nyufa zake. Lisiloiva hubonyea katikati tu huku shingo ikirudisha nguvu. Likipasuliwa, mnofu wake huonekana mweupe kama sponji na hung'ang'ania ganda, na ukitafunwa huacha ukakasi mdomoni. Ukakasi huo mara nyingi hulaumiwa kuwa ni uchungu wa aina ya biringanya, na watu hushauriwa kulitia chumvi kabla ya kulipika, ilhali dawa yake ni dakika kumi zaidi motoni. Katika kubabua, kosa la kuliepua mapema ni kubwa kuliko kosa la kuchelewa, kwani biringanya lililopitiliza kidogo hupoteza uzito tu, lakini lililo bichi haliwezi kupondwa.

Linapoepuliwa ndipo njia zinapoachana. Biringanya lililonywea limejaa maji ya moto, mengine yakiwa na rangi ya kahawia na ladha kali. Likifungiwa ndani ya bakuli kwa dakika 15 pamoja na maji hayo, mnofu huyanyonya tena, mvuke huyalowanisha maganda meusi ambayo huvunjika vipande vidogo na kujipaka kila mahali, na rangi ya mnofu huchujuka. Ganda la biringanya lililoungua sawasawa halihitaji msaada huo, kwa kuwa mnofu uliponywea ulikwisha kujitenga nalo. Kwa hiyo tunda hupasuliwa lingali la moto kiasi cha kushikika, mnofu hukwanguliwa, nao huwekwa ndani ya chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Gramu 800 za mabiringanya mabichi hutoa takriban gramu 400 za mnofu uliochujwa, nyingine zikiwa zimekwenda na mvuke, maganda na maji ya chujio. Kuna hali moja tu ambapo kulifunika biringanya kuna maana, nayo ni pale shingo inapogundulika kuwa bado ngumu na moto umekwisha kufa. Hapo joto lililobaki hukamilisha uivaji, na mpishi hukubali mnofu wenye maji zaidi kama gharama yake.

Mnofu uliochujwa hupondwa kwa uma au kwa kisu ubaoni. Mashine ya kusagia huharakisha kazi lakini husaga mbegu na kuugeuza mnofu uji wa kijivu unaonata, na mutabbal yenye nyuzi zinazoonekana ni bora kuliko iliyolainishwa hivyo. Punje moja ya kitunguu saumu hutwangwa na chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya tahini hukorogwa na maji ya limau mpaka vikawa vyeupe na vizito, kisha vyote huunganishwa na mnofu na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Asidi ya limau ina kazi mbili, kwani huyasawazisha mafuta ya ufuta na wakati huo huo huuzuia mnofu kuwa mweusi unapokutana na hewa.

Ulazima wa kuchuja, hata hivyo, unategemea chakula kinachokusudiwa. Wagujarati, ambao wengi wa waliohamia Afrika Mashariki walitoka Kachi na Kathiawari, hupika olo, yaani biringanya la kubabuliwa linalokaangwa tena na vitunguu, nyanya, saumu, pilipili na bizari, na kuliwa pamoja na mkate wa uwele. Wapunjabi wana chakula cha ukoo huo huo kinachoitwa bharta, na Wabengali huliponda biringanya na mafuta ya haradali, kitunguu kibichi na pilipili bila kulirudisha motoni. Katika olo na bharta maji ya biringanya hukaukia kikaangoni pamoja na yale ya nyanya, na kuyachuja kabla ya hapo ni kupoteza sehemu ya moshi uliomo ndani yake. Katika chakula cha Kibengali na katika mutabbal hakuna moto wa pili wa kuyakausha, hivyo chujio ni la lazima. Upwa wa Waswahili, ambako biringanya limezoeleka zaidi ndani ya mchuzi wa nazi, unaweza kuchukua funzo kutoka upande wa olo, kwa kuwa tui zito lililochemshwa na mnofu wa kubabuliwa hufanya kazi ile ile ya kuyabeba maji na moshi kwa pamoja.

Pilipili hoho hutaka kinyume cha karibu yote haya. Moto wake unapaswa kuwa mkali na wa karibu, kwa sababu ukuta wake mwembamba huiva ndani ya dakika chache, na moto wa pole huulainisha mnofu kabla ganda halijafanya malengelenge. Lengelenge ndilo alama muhimu zaidi kuliko weusi: mvuke unaotoka kwenye mnofu hunaswa chini ya ganda lisilopitisha maji na kulisukuma nje, na mahali ambapo ganda limeinuka ndipo litakapomenyeka. Pilipili hugeuzwa kila baada ya dakika mbili au tatu, na humalizika kwa dakika 8 hadi 12. Taabu yake ni umbo, kwani hoho zenye mabonde marefu huficha sehemu ambazo mwali hauzifikii, na sehemu hizo hubaki na ganda linalogoma. Afadhali zichaguliwe zenye mbavu nyoofu, na zilizoiva zikawa nyekundu, ambazo mnofu wake ni mnene na una sukari zaidi kuliko za kijani.

Hapo ndipo mvuke unapostahili nafasi yake. Pilipili zikiwa za moto huwekwa ndani ya bakuli na kufunikwa kwa sahani kwa dakika 10 hadi 15. Joto lililobaki huendelea kulegeza pektini iliyo kati ya ganda na mnofu, mvuke hugeuka matone na kulilowanisha ganda lililokauka, na ganda huteleza kwa vidole likiwa vipande vikubwa. Zikiachwa saa nzima zikiwa bado na moto, mnofu hupita kiasi, hupoteza wekundu wake na kuchanika wakati wa kumenywa. Nchini Meksiko pilipili za poblano hufanyiwa hivyo hivyo, zikifungwa katika kitambaa au mfuko ili zitoe jasho kabla ya kumenywa, na kwa kuwa pilipili zote zilitoka Amerika na hazikufika kwingineko kabla ya safari ya Kolombo ya mwaka 1492, si ajabu kwamba ustadi wa kuzimenya umekomaa huko. Maji yanayobaki chini ya bakuli ni matamu, tofauti na ya biringanya. Huchujwa mbegu na kurudishwa chakulani.

Katika nchi za Balkani, hasa Masedonia Kaskazini na eneo la Leskovaci nchini Serbia, kazi hii hufanywa kwa wingi kila vuli ili kutengeneza ajvari, rojo ya pilipili nyekundu ya kuweka akiba. Pilipili hubabuliwa kwa makumi ya kilo, hufunikwa, humenywa moja moja, hutundikwa au kuachwa zichuruzike, husagwa, kisha hupikwa na mafuta kwa saa kadhaa huku zikikorogwa. Familia nyingine huongeza biringanya, na hapo tofauti za matunda haya hujitokeza tena, kwa kuwa biringanya hutaka moto wake na muda wake, na anayeyaweka yote pamoja juu ya jiko moja hulazimika kuchagua lipi aliharibu.

Kuhusu chanzo cha moto, gesi hutosha kwa pilipili na kwa biringanya dogo, ingawa duara la mwali huunguza pete moja ya ganda na kuacha sehemu nyingine, hivyo tunda husogezwa pamoja na kugeuzwa. Jiko la mafuta ya taa halifai kabisa, kwa kuwa mwali wake huacha masizi na harufu ambayo mnofu huinywa. Asiye na moto wa wazi anaweza kuoka biringanya katika tanuri na kuazima ujanja wa Kihindi uitwao dhungari, ambao ni kuweka kaa jekundu ndani ya kibakuli katikati ya chakula, kulidondoshea samli na kufunika kwa dakika tatu au nne. Harufu inayopatikana ni ya samli inayoungua na si ya ganda. Ni nzuri kwa bharta, lakini katika mutabbal husikika kama mgeni.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na jiko lake halipaswi kuwekwa ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa nusu saa ya kubabua. Pilipili kali za kuwasha nazo hubabuliwa nje au karibu na dirisha, kwa sababu mvuke wake huchoma koo na macho. Mnofu uliokwisha kumenywa hukaa jokofuni siku tatu au nne. Kuutumbukiza ndani ya mafuta na kuuacha kabatini ni hatari isiyoonekana, kwa kuwa mboga hizi hazina asidi ya kutosha na mafuta huzuia hewa, nayo ni mazingira ambamo bakteria wa botulini huweza kutengeneza sumu bila kubadili harufu wala ladha. Mitungi ya ajvari inayodumu hadi majira mengine ni ile iliyotiwa siki, ikajazwa rojo ingali inachemka na kuchemshwa tena ikiwa imefungwa.